Barua Mbili za Daktari

Barua ya kunifutia leseni ilitaja sababu kwa neno moja tu: kifafa. Niliipokea Januari 2020, nikiwa nimeendesha Kosta za Mbeya kwenda Kyela kwa miaka 11.

Nilianguka Septemba 2019, pale Uyole. Namshukuru Mungu gari lilikuwa limezimwa na konda alikuwa bado anapanga mizigo. Mkono wa kulia ulianza kutikisika wenyewe. Nikajaribu kuushika kwa ule wa kushoto, na baada ya hapo sikumbuki kitu. Nilipozinduka nilikuwa chini, nimejiuma ulimi, suruali imelowa. Abiria walikuwa wamesimama mbali, wanaogopa hata kunigusa. Konda ndiye aliyenilaza ubavu na kuwazuia waliotaka kunitia kijiko mdomoni. Wiki tatu baadaye nikaanguka tena, usiku, nyumbani.

Siti skani ilionyesha kivimbe kimoja kidogo upande wa kushoto wa ubongo. Daktari alituonyesha, mimi na mke wangu, akasema ni kifuko cha lava wa tegu wa nguruwe. Mke wangu akanigeukia: "Baba Neema, si nilikwambia hiyo kitimoto ya vichochoroni?" Daktari akamsahihisha kwa upole. Anayekula nyama yenye zile punje nyeupe, ikiwa haijaiva, anapata mnyoo wenyewe tumboni. Kifuko cha kichwani kinatokana na mayai ya mnyoo, yanayotoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu na kumfikia mwingine kwa mikono isiyonawiwa, kwa maji au kwa mboga mbichi. Hata asiyeonja nguruwe maisha yake yote anaweza kuyameza. Kwetu Rungwe, ambako nguruwe hufugwa nyuma ya nyumba na wengine huachwa wazunguke, nilikuwa nimeona watu wengi wanaanguka, na sikuwahi kusikia jambo hilo likielezwa. Tulikuwa tukisema wamerogwa.

Kwanza walinikagua macho, kwa sababu kama kuna kifuko jichoni, dawa ya kukiua inaweza kuharibu uwezo wa kuona. Kisha nikaanzishiwa prednisoloni, maana lava anapokufa ubongo unaomzunguka huvimba, na baada yake albendazoli kwa siku 14. Kabamazepini ya kuzuia degedege niliambiwa nitaimeza kwa muda mrefu zaidi. Sikuanguka tena. Aprili 2020 nikapigwa siti skani ya pili.

Sikuwa na ugomvi na kunyimwa usukani wakati ule. Kona za kushukia Kiwira nazijua, na ningekuwa abiria nisingetaka kubebwa na mtu aliyeanguka mara mbili ndani ya mwezi mmoja. Kilichoniuma ni kwamba barua ilisoma kana kwamba ugonjwa wangu hauna mwisho.

Kidonge cha mwisho cha kabamazepini nilikimeza Desemba 2020, baada ya kupunguziwa dozi kidogo kidogo kwa miezi. Februari nikakata rufaa. Niliandika kurasa tatu, ada za watoto zikiwemo, na nikaambatanisha barua ya kliniki yenye mistari miwili: mgonjwa anaendelea vizuri, anaweza kurejea kwenye shughuli zake. Ombi likakataliwa.

Nilikwenda ofisi ya usalama barabarani kuuliza kwa nini. Afande mmoja mtu mzima alinikaribisha kiti, akasoma zile karatasi taratibu.

"Mzee wangu, hapa wanasema unaendelea vizuri. Hata mwenye sukari anaendelea vizuri. Mimi natafuta siku uliyoanguka mara ya mwisho, siioni. Natafuta kama bado unameza dawa, sioni. Na kilichokuangusha kiko wapi sasa hivi? Huyu daktari hajasema."

"Afande, nimepona."

"Umeniambia wewe. Naomba aniambie yeye."

Niliondoka na hasira, lakini nilipofika Mwanjelwa nilikuwa nimeshaelewa. Barua ya kunifutia ilisema kifafa, na barua yangu haikulipinga neno hilo popote. Nilikuwa naomba huruma, wakati wao walitaka kujua hatari iliyobaki ni kiasi gani.

Nikarudi kwa daktari aliyenitibu tangu mwanzo. Alikataa kuandika siku hiyo. Alisema miezi ya kwanza baada ya kuacha dawa ndiyo ambayo degedege hurudi zaidi, na barua yake ya miezi miwili isingekuwa na uzito. Nikae mwaka mzima bila dawa, kisha nirudi na mke wangu. Mwaka ule niliuza mbolea kwenye duka la shemeji, na kila Kosta iliyopita barabarani niliitambua kwa mlio wake.

Januari 2022 tulirudi. Mimi aliniuliza maswali machache tu. Mke wangu alimhoji karibu nusu saa, kwa sababu mtu anaweza kushikwa na degedege usingizini asijue. Je, amewahi kuamka na damu kwenye mto? Amelowesha kitanda? Kuna asubuhi amelalamika mwili unauma kama aliyelima? Mke wangu alijibu kila swali bila kusita, na hapo ndipo nilipojua kwamba tangu nianguke alikuwa akiamka usiku kunisikiliza ninavyopumua. Zaidi ya miaka miwili. Hakuwahi kuniambia.

Kisha daktari akaziweka picha mbili kwenye mwanga, ya 2019 na ya 2020. Alizitazama kwa muda mrefu, nikaogopa. Alikuwa anatafuta doa jeupe la chokaa. Lava akishakufa, wengine hubakiwa na kovu gumu ubongoni, na kovu hilo linaweza kuendelea kuleta degedege miaka mingi baadaye. Lingekuwepo, alisema, angelazimika kuliandika. Halikuwepo. Mahali palipokuwa na kifuko palikuwa pamerudi kama upande wa pili.

Barua yake ilijaza ukurasa mmoja. Ilitaja chanzo, tarehe za kuanguka mara zote mbili, dawa na siku zake, tarehe ya kidonge cha mwisho, na kilichoonekana kwenye kila picha. Alieleza pia alichosimuliwa na mke wangu. Hakuandika kwamba siwezi kuanguka tena kamwe, ingawa nilimwomba. Alisema hakuna daktari mwaminifu anayeweza kuandika hivyo. Barua yangu mwenyewe niliifupisha ikawa aya mbili, ada za watoto nikaziondoa, nikaambatanisha nakala za kadi ya kliniki zenye tarehe.

Machi niliitwa. Nilipimwa na daktari mwingine asiyenijua, nikatahiniwa barabarani kama mwanafunzi, nikijibu alama moja baada ya nyingine. Leseni ikarudi, lakini kwa daraja D, gari binafsi. Daraja la abiria walisema bado, nisubiri zaidi, nirudi na barua mpya. Niliumia. Nilipokumbuka zile kona za Kiwira sikubishana.

Jumapili iliyofuata shemeji alituazima pikapu yake tumpelekee mama magimbi Tukuyu. Tulipita Uyole, mahali palepale, mke wangu akaangalia mkono wangu wa kulia kwenye usukani. Hakusema kitu. Igawilo bado alikuwa anautazama. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka tulipokaribia Isongole, nikawasha taa na kupunguza mwendo, nikamwuliza kama anasikia baridi. Hakujibu. Alikuwa amelala, kichwa kwenye kioo, amefungua mdomo kidogo.