"Gunia mbili tatu": nilivyopata namba kamili

Wateja wangu wengi ni wenye vibanda vya chipsi hapa Nairobi. Nawapelekea viazi kutoka Marikiti, na oda huja kwa ujumbe: "Niletee gunia mbili tatu," au "Viazi kadhaa, kama kawaida." Ukipeleka mbili, analalamika zimepungua. Ukipeleka tatu, anakurudishia moja, na nauli ya mkokoteni ni yako.

Kumuuliza "Ngapi hasa?" hakukusaidia sana, maana wengi hujibu "Wewe leta tu." Siku hizi nauliza anachokijua: anauza sahani ngapi kwa siku. Mama mmoja aliniambia sahani 60. Kwake sahani moja hula takriban nusu kilo ya viazi vibichi, kwa hiyo ni kilo 30 kwa siku. Mimi hupita kila baada ya siku 3, yaani kilo 90. Hizo ni gunia 2 za kilo 50, na kilo 10 zinabaki za kufidia vilivyooza.

Kilo lazima zitajwe. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zinataka gunia lisizidi kilo 50, lakini lumbesa bado zipo, na mbili za lumbesa si mbili za kawaida.

Kisha namwandikia: "Mama, gunia 2 za kilo 50, Jumanne asubuhi. Sawa?" Asipojibu, sipakii. Wa "kama kawaida" namtumia namba ya oda iliyopita, naye anaithibitisha au anaibadilisha.