Siku moja maishani mwangu: mkataba wa sabuni ulionikalisha kutwa nzima

Saa 11 na nusu alfajiri. Nimeamka Soweto hapa Mbeya, baridi la mwezi wa sita si la mchezo, Loleza huwezi hata kuiona kwa ukungu. Chai imepanda jikoni, mi nimeshika faili la plastiki lenye karatasi za sapulaya wa sabuni. Leo jioni kijana wao wa mauzo anakuja dukani kuchukua mkataba uliosainiwa, ni mkataba wa mwaka mzima, boksi 60 za sabuni ya mche kila mwezi, na mwezi wa kwanza nalipa kabla mzigo haujaja. Sina shida na sabuni yao, ni nzuri, wateja wameipenda. Nachotaka kujua ni nani hasa nasaini naye.

Naandika hii kwa wenye maduka kama mimi mana mwaka juzi nililipa milioni na laki nane za unga wa ngano kwa watu waliokuwa na mhuri mzuri na gari lenye nembo, mzigo haukuja. Nilipotaka kushtaki nikaambiwa jina lililoko kwenye mkataba na jina la namba niliyotumia hela ni watu wawili tofauti. Iliniuma sana. Toka hapo sisaini kitu mpaka nimepanga majina yote mezani.

Saa 12 na nusu. Kabla sijaenda kufungua nimeyaandika kwenye daftari, mstari kwa mstari. Mkataba unasema nani, BRELA inasema nani, leseni ya biashara ina jina gani, risiti ya EFD ina jina gani na TIN gani, akaunti ya benki ni ya nani, na anayesaini ni nani kwenye hiyo biashara. Sita tu, na zote zinatakiwa zimwonyeshe mtu yuleyule. Hiyo ndo cheklisti yangu.

Mkataba unataja kampuni, jina linaishia na Limited. Profoma nayo ina Limited. Leseni sasa, jina ni lilelile mwanzoni ila mwisho imeandikwa Enterprises. Nikasoma mara mbili nikidhani ni macho ya asubuhi.

Saa 2. Duka limefunguka hapa Mwanjelwa, binti yuko kaunta, mi nimekaa nyuma ya magunia ya mchele na simu. Ukiingia kwenye mfumo wa BRELA, `ors.brela.go.tz`, kuna sehemu ya kutafuta jina, na kitu cha kwanza kuangalia ni kwamba makampuni na majina ya biashara ni rejista mbili tofauti. Usitafute upande mmoja ukaridhika. Nikatafuta pote, na kumbe yote mawili yapo! Enterprises ni jina la biashara, limesajiliwa miaka minane iliyopita. Ile ya Limited ni kampuni, ina miezi minne tu.

Hapa nikae kidogo mana ndo penye mambo. Jina la biashara sio mtu kisheria, ni jina tu ambalo mtu fulani anafanyia biashara, kwa hiyo ukimdai unamdai yeye mwenyewe, na nyumba yake na gari lake vimo. Kampuni ya Limited ni mtu kamili anayejitegemea, inadaiwa yenyewe, wenye hisa hawawajibiki zaidi ya hisa zao. Sa mkataba unaniambia "tuko sokoni zaidi ya miaka nane" huku anayesaini ni kampuni ya miezi minne ambayo labda haina hata kiti. Miaka nane ni ya mwingine.

Alhamisi iliyopita nilikuwa nimeshaomba taarifa rasmi ya hiyo kampuni humohumo kwenye mfumo, unafungua akaunti kwa namba ya NIDA, unapewa kontroli namba, unalipa, unasubiri. Majibu yameingia leo: wakurugenzi wawili, wenye hisa haohao wawili, anwani Makambako. Mkurugenzi wa kwanza ndo huyohuyo jina lake liko kwenye cheti cha jina la biashara. Moyo ukatulia kidogo, angalau ni mtu mmoja mwenye kofia mbili, sio mtu kajibandika jina la mwenzie. Ila kijana wa mauzo ambaye jina lake limeshachapwa pale pa kusaini kwa niaba ya kampuni, humo hayumo kabisa.

Saa 4. Wateja wamepungua nikatoa risiti. Wiki mbili nyuma nilinunua boksi 2 tu za majaribio, 38,000 kila moja, jumla 76,000, na sikununua kwa sababu ya kujaribu sabuni peke yake, nilitaka risiti yao ya EFD. Cheti cha TIN mtu anaweza kukutumia picha aliyoichezea kwenye simu, ila risiti unaweza kuihakiki mwenyewe. Unaingia `verify.tra.go.tz`, unaweka ile namba ya uhakiki iliyo chini ya risiti, halafu muda uliochapwa, inakuletea risiti yenyewe kama TRA walivyoipokea. Ikigoma kuja au ikija na kiasi kingine, usiendelee.

Yangu imekuja, 76,000 ileile. Jina: la yule mkurugenzi wa kwanza, mzee mwenye biashara, na Enterprises. TIN ya mtu binafsi, sio ya kampuni. Na sehemu ya VRN haina namba, yani hajasajiliwa VAT.

Nikachukua profoma tena. Boksi 60 mara 38,000 ni 2,280,000, halafu chini yake wameongeza VAT asilimia 18, 410,400, jumla 2,690,400. Asiyesajiliwa VAT haruhusiwi kumtoza mtu VAT, na mimi sijasajiliwa kwa hiyo hiyo hela nisingeirudisha popote. Laki nne na kumi kila mwezi jamani! Ukizidisha kwa miezi 12 ni karibu milioni tano kwa mstari mmoja tu wa profoma ambao wengi wetu tunaupita haraka tukitafuta jumla.

Saa 6. Nimempigia binamu yangu anayenunua mahindi Makambako, nikamwomba apite kwenye anwani ya kwenye taarifa ya BRELA, karibu na stesheni ya TAZARA. Nilimwambia asiulize kama hiyo kampuni ipo, mana ukiuliza hivyo kila mtu atakwambia ipo, aulize godauni la sabuni ni la nani na limekuwa pale toka lini. Baada ya saa zima akanirudia: godauni lipo, limejaa, jirani anasema mzee yuko pale miaka mingi, kibao nje kimeandikwa Enterprises. Leseni imetundikwa ukutani akanipigia picha, ni ya mwaka huu, haijaisha, ni ileile niliyotumiwa.

Kwa hiyo mpaka mchana daftari langu lilikuwa limekaa hivi: leseni, risiti, godauni, vyote vya mzee na Enterprises. Mkataba na profoma, Limited. Akaunti ya benki iliyoandikwa chini ya profoma, nikaenda kuuliza kwa wakala wa benki hapo jirani, mana ukianza muamala wa kuweka hela jina la mwenye akaunti linatokea kabla hujathibitisha. Likatokea Enterprises. Tukaufuta muamala, nikamshukuru kijana wa watu.

Ina maana ningesaini na kampuni, hela ingeenda kwa mzee. Mzigo usipokuja kampuni itasema hatujawahi kupokea hata shilingi ya huyu mama, na mzee atasema mimi sijasaini naye chochote. Wote wawili wangekuwa wanasema kweli. Ndo yaleyale ya unga.

Saa 8. Nikampigia mzee mwenyewe, sio kijana. Nikamwamkia, shikamoo baba, akaitikia marahaba mwanangu, nikamweleza taratibu bila kumshutumu. Akanyamaza kidogo halafu akasema kweli, kampuni ameifungua mwaka huu, anataka kuhamishia biashara huko lakini benki hajafungua, leseni hajabadilisha, na TIN ya kampuni anayo ila mashine ya EFD bado inasoma ya kwake. Mkataba aliandikiwa na mtu wa stationari akaambiwa atumie jina jipya. Kuhusu VAT akasema aliona wenzie wanaweka. Mi nilimwamini, sauti ya mtu anayeficha naijua. Ila kumwamini hakubadilishi karatasi.

Nikamwambia baba, kuna njia mbili. Subiri kampuni iwe na leseni yake, risiti yake na akaunti yake ndo tusaini nayo, na asaini mkurugenzi, au kama ni huyu kijana basi aje na karatasi ya azimio la bodi inayomtaja kwa jina. Au tusaini leo na wewe, mkataba useme jina lako kamili kama lilivyo NIDA, "anayefanya biashara kwa jina la" Enterprises, pamoja na namba ya usajili na TIN iliyo kwenye risiti, namba ya akaunti iandikwe humohumo ndani ya mkataba, na usaini mwenyewe. VAT itoke. Tena kiwekwe kipengele kwamba siku akihamia kwenye kampuni mkataba hauhami mpaka tuandikiane upya, mana bila hicho ningejikuta mwezi wa tano naletewa profoma ya Limited na akaunti mpya, nami kwa mazoea nalipa.

Akachagua ya pili. Malipo ya mbele tukavutana, mwishowe tukakubaliana nusu, 1,140,000, iliyobaki mzigo ukishushwa na kuhesabiwa hapa dukani.

Saa 11 jioni. Kijana kafika na basi akijua anachukua karatasi na kugeuza. Nikampa chai na chapati, nikamwonyesha daftari. Hakukasirika, alipiga picha ukurasa wote akasema ana wateja wengine wanne wenye mkataba kama huo. Nikamwambia uwapigie leo hiyohiyo, usingoje kesho.

Saa 2 usiku. Nimefunga duka. Mkataba haujasainiwa, ile nakala ya zamani nimeichora mstari kila ukurasa nikaandika tarehe. Mzee anakuja mwenyewe Ijumaa na kitambulisho chake, tutasaini kwa wakili hapa mjini, na kabla ya kutuma ile 1,140,000 nitapita tena kwa wakala nione jina linalotokea kwenye akaunti.