Kaniki ya kasha la bibi

Wiki iliyopita tulikuwa tunajitayarisha kwenda harusini. Binti yangu, mtandio mkononi, akaniuliza: "Mama, kwani nani alitulazimisha tujifunike?" Nilimwambia avae tuondoke, maana tulikuwa tumeshachelewa. Lakini swali lile niliwahi kulisema mwenyewe, kwa ukali zaidi, ukumbini kwa bibi, mtaa wa Kikwajuni, Unguja, nikiwa bado msichana wa skuli.

Siku hiyo nilitoka saluni. Nywele zimetiwa dawa na kusetiwa, zimelala mpaka mabegani. Gauni lilikuwa la mikono mifupi. Pesa za saluni nilizidunduliza tangu Sikukuu, na nilikusudia nywele zionekane.

Bibi alikuwa anafukiza nguo zake udi. Akanitazama toka juu hadi chini.

"Wapi wendako kichwa wazi?"

"Harusini, bibi."

"Na hapo barazani umepitaje? Wazee wameketi, hukumwamkia hata mmoja."

"Walikuwa wanazungumza."

"Ungetoa shikamoo wangenyamaza wakakuitikia. Huoni haya, mtoto wa kike?"

Hapo nikamwaga yote. Nywele ni zangu. Kuamkia kila mtu kunachosha. Na kujifunika ni mambo ya kizamani, wanawake walilazimishwa tu.

"Walilazimishwa?" Bibi alikiweka chetezo chini. "Keti kitako."

Alifungua kasha. Akatoa kisutu cha harusi yake, akatoa kanga ambazo hajazikata wala kuzipinda, na chini kabisa akatoa kifurushi cha shuka jeupe. Ndani yake mlikuwa na kaniki, kipande kimoja, rangi yake buluu iliyokaribia weusi. Haina pindo, haina mji, haina jina kama kanga. Kitambaa kimekuwa chembamba mpaka nikiona vidole vyangu kwa nyuma yake, na pale ilipokunjwa rangi imeingia kwenye shuka na kuacha alama. Karibu na ukingo palitiwa kiraka kwa mkono, mishono midogo midogo iliyosongamana. Ilinuka karafuu na vumbi.

"Hii ya bibi yangu mzaa mama," alisema. "Alikuwa mtumwa. Hii ndiyo nguo yake, akiifunga kifuani, basi. Kichwa hana ruhusa kukifunika. Kujifunika kulikuwa kwa waungwana. Yeye akipita njiani kila mtu ajue ni wa nani."

Sikuwa nimewahi kusikia. Nyumbani kwetu neno hilo halikutajwa, na hata siku ile bibi alilitamka kwa sauti ya chini, mlango umerudishwa.

Bibi hakutaja mwaka. Baadaye nilisoma mwenyewe kwamba amri ya Sultani ya kuondoa utumwa Unguja na Pemba ilitoka tarehe 6 Aprili 1897, na kwamba haikumwachia mtu huru papo hapo. Aliyetaka uhuru alipaswa kwenda mwenyewe kuuomba mahakamani, na bwana wake akalipwa fidia. Masuria hawakuingizwa katika amri ile. Wao walingoja mpaka 1909. Bibi alisimulia tu kwamba huyo bibi yake alikwenda kuomba, akaachiwa, akahamia huku Ng'ambo ya mji, akawa anachambua karafuu kwa ujira. Pesa ya mwanzo alinunua doti ya kanga. Moja akajifunga, moja akajitanda kichwani, akatoka.

"Akapita barazani kwa wazee," bibi alisema, "akawaamkia. Wakamwitikia. Zamani wakimwita tu, hawamjibu."

Nilikaa na ile kaniki mapajani. Nilisema, taratibu sasa: "Kwa hiyo yeye alichagua, bibi."

"Alichagua."

"Basi na mimi niachie nichague."

Nilidhani atanikemea. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Chagua. Lakini hukuwa unajua, sasa unajua." Akachukua mtandio wake wa hariri akanitanda, akausukuma nyuma mpaka nywele za mbele zikaonekana. "Hivi?"

"Nyuma kidogo, bibi."

Akausogeza kama upana wa kidole. "Mwisho hapo."

Kuhusu mikono ya gauni alinyoosha kanga tu, nikaitupia mabegani. Nilipofika barazani nilitoa shikamoo, wakaitikia wote kwa pamoja, na mmoja akaniuliza habari za bibi.

Tangu hapo hatukugombana tena juu ya kichwa. Juu ya mikono mifupi tuligombana mpaka naolewa, na mpaka leo sijui kama mzee yule wa kaniki angekuwa upande wa bibi au upande wangu. Bibi alikuwa na hakika. Mimi naona mwanamke aliyekwenda mahakamani kujiombea mwenyewe angetusikiliza sote wawili kwanza.