Siku moja maishani mwangu: kutafuta hataza za jiko la kuni lenye feni

Saa 2 asubuhi nafungua ofisi hapa Nairobi na kukuta ombi moja tu mezani. Kazi yangu ni kutafuta maarifa yaliyotangulia kwa niaba ya mawakili wa hataza: kabla mvumbuzi hajalipa ada ya kuwasilisha ombi, nachunguza kama alichokibuni kimekwisha kutangazwa mahali popote duniani. Sheria ya Mali ya Viwanda ya Kenya ya 2001 haiishii mipakani inapopima upya wa uvumbuzi, kwa hiyo waraka wa Kichina ambao hakuna aliyewahi kuusoma Afrika Mashariki unatosha kuliangusha ombi. Mtu anayetafuta hoteli huridhika na jibu la kwanza zuri. Mimi huhukumiwa kwa waraka nilioukosa.

Uvumbuzi wa leo ni jiko la kuni. (Nimeyabadilisha maelezo yake kidogo, kwa kuwa siri ya mteja ni siri.) Ukutani mwa jiko kimebandikwa kigae kinachogeuza tofauti ya joto kuwa umeme, umeme huo unazungusha feni inayopuliza hewa motoni, na betri ndogo huianzisha feni moto ukiwa bado mchanga. Jambo ambalo mvumbuzi analithamini zaidi ni la mwisho: kidhibiti kinasoma volti za kigae chenyewe na kupunguza kasi ya feni moto unapozidi, bila kipimajoto cha ziada.

Saa 3 nayagawa madai ya mvumbuzi, yaani mambo anayotaka yalindwe na hataza, katika vipande vinne kwenye daftari la utafutaji. Umeme kutoka kwenye joto la jikoni ni jambo la zamani. Katika miaka ya 1950 Wasovieti walikuwa na taa ya mafuta ya taa iliyoendesha redio kwa njia hiyo hiyo. Kinachobaki kutafutwa ni mchanganyiko wenyewe, na hasa kile kidhibiti. Hata hivyo, siliweki neno la kidhibiti katika swali la kwanza ninaloiuliza hifadhidata ya hataza. Kila sharti ninaloliongeza huyapunguza matokeo na kuyafanya yapendeze, lakini waraka ninaouhitaji huenda umekionyesha kidhibiti hicho kwenye mchoro tu, au katika sentensi moja ya ukurasa wa 11, kwa jina ambalo sikulifikiria. Naunganisha mawazo mawili tu, jiko na kigae, na mengine nitayatafuta kwa macho.

Saa 3 na nusu naandika mistari ya kwanza:

```
S1  F24B
S2  H10N10 OR H01L35
S3  thermoelectric* OR seebeck OR peltier
S4  S1 AND (S2 OR S3)     238
```

F24B ni alama ya majiko ya nyumbani ya kuni na makaa katika uainishaji wa kimataifa wa hataza. Mstari wa pili una alama mbili kwa sababu vigae hivi vilihamishwa mwaka 2023 kutoka H01L 35 kwenda H10N 10, na nyaraka za zamani bado zinaweza kubeba alama ya kale, kutegemea hifadhidata. Idadi iliyo mwishoni ni ya familia, yaani uvumbuzi mmoja uliochapishwa katika nchi kadhaa huhesabiwa mara moja. Pembeni naandika jina la hifadhidata, tarehe na saa, kwa sababu hifadhidata huongezewa nyaraka mara kwa mara na swali hilo hilo wiki ijayo litaleta idadi nyingine.

Saa 4 ndiyo saa ninayoiheshimu kuliko zote, kwa kuwa sasa nalipima swali kabla ya kusoma chochote. Ninazo nyaraka sita ambazo najua zinahusika: mbili zimetajwa na mteja mwenyewe, na nne nimezitoa katika orodha za rejea za maombi yanayofanana. Swali zuri lazima lizinase zote sita, lakini langu limenasa nne.

Waraka wa kwanza uliokosekana ni wa Kichina. Tafsiri ya mashine haina neno thermoelectric hata mara moja. Mwandishi wake amekiita kifaa hicho kizalishaji cha umeme wa tofauti ya halijoto, na mashine ikatafsiri neno kwa neno. Waraka wa pili una maneno yote, ila umewekwa chini ya A47J 37, pamoja na majiko ya kuchomea nyama, kwa sababu aliyeuandika aliwaza watu walio kambini. Kasoro ni mbili na kila moja ina dawa yake: neno lililokosekana na alama iliyokosekana.

```
S5  F24B OR F24C OR F23B OR A47J37
S6  S3 OR ("temperature difference" NEAR3 generat*)
S7  S5 AND (S2 OR S6)     391
```

Sikuandika "temperature difference" peke yake, kwa kuwa karibu kila waraka wa jiko hutaja tofauti ya halijoto. Nimedai neno la kuzalisha liwe ndani ya maneno matatu. Sasa zote sita zimo. Lakini sita hizo haziwezi tena kunipimia lolote, maana nimelirekebisha swali kwa kuziangalia zenyewe. Natafuta nyingine tatu kupitia nyaraka zilizozirejea zile sita, nazo zote zinanaswa. Mstari wa S4 siufuti. Nauacha na maelezo ya kwa nini ulishindwa, ili mwenzangu asije akaurudia mwezi ujao akidhani ni wazo jipya.

Kuanzia saa 5 hadi saa 9, nikikatizwa na sahani ya githeri tu, nazipitia zile familia 391. Naanza na michoro, maana mchoro hauharibiwi na tafsiri. Waraka ambao ni wazi hauhusiki nautupa na kuandika sababu kwa neno moja, kama vile "gesi" au "hakuna feni"; unaotiliwa shaka unabaki. Zimebaki 31 za kusoma kikamilifu.

Saa 9 na nusu naupata waraka niliokuwa nautafuta. Upo kati ya zile 153 zilizoongezwa na marekebisho ya asubuhi: hataza ndogo ya Kichina ya jiko la kupasha chumba joto, ambamo volti za kigae ndizo zinazoamua kasi ya feni. Haina betri ya kuwashia. Betri imo katika waraka mwingine wa Kimarekani. Katika ripoti, X ni alama ya waraka unaoliangusha dai peke yake, na Y ni ya ule unaoliangusha ukiunganishwa na mwingine. Hizi mbili nazipa Y, na naandika ukurasa na aya ya kila kipande, kwa kuwa wakili hatapata nafasi ya kunisoma mawazo.

Saa 10 na nusu mwenzangu analiendesha swali langu kutoka kwenye daftari bila mimi kumweleza neno, na anapata 391. "Lakini dada, hukuandika kwamba nyaraka za Kijapani umezisoma muhtasari tu," ananiambia. Ni kweli, naongeza.

Saa 11 naandika ukurasa wa mipaka. Maombi huchapishwa kwa kawaida baada ya miezi 18 tangu tarehe ya kwanza ya kuwasilishwa, hivyo jiko lililoombewa hataza mwaka jana huenda lipo na haliwezi kuonekana na yeyote. Vitabu vya maonyesho ya biashara sikuvitafuta. Naitia ripoti tarehe ya leo, nampelekea wakili, na kumpigia simu kumwambia kwamba dai la kwanza, kama lilivyoandikwa sasa, halitapita.