Mradi wa duka la mjomba ulionipatia kazi ya uchambuzi wa data Dodoma

Nilipomaliza chuo hapa Dodoma nilifuata kila ushauri niliopewa. Pata vyeti vya mtandaoni, nikapata vinne. Weka miradi mingi kwenye tovuti ya GitHub, nikaweka saba. Mmoja ulikuwa ule wa abiria wa meli ya Titanic, faili lenye mistari 891 ambalo kila anayejifunza uchambuzi wa data dunia nzima ameshalipitia. Nilituma maombi zaidi ya thelathini kwa miezi minane, nikaitwa kwenye usaili mara moja tu. Mama mmoja kwenye lile jopo aliangalia kazi zangu, akaniuliza kwa upole, "Sasa mwanangu, hii meli inatuhusu nini sisi?" Sikuwa na jibu. Mpaka leo naukasirikia ule ushauri, kwa sababu ulinipotezea karibu mwaka mzima.

Mjomba wangu ana duka la vifaa vya ujenzi pembezoni mwa jiji. Nikiwa sina kazi nilikuwa nashinda pale kumsaidia kuhesabu nondo na kupakia mifuko kwenye guta. Dodoma inajengwa kila kona. Sensa ya 2012 ilihesabu watu takribani 411,000 mjini, ya 2022 ikakuta takribani 765,000, na kila familia inayohamia inataka msingi, tofali na bati. Hata hivyo mjomba alikuwa analalamika kwamba hauzi kama wenzake. Siku moja mteja alifika akitaka mifuko ishirini ya simenti, akaambiwa imeisha, akavuka barabara. Nikamwuliza mjomba hilo hutokea mara ngapi. Akasema, "Mara moja moja." Nikamwomba madaftari yake ya kuanzia Aprili mpaka Septemba 2023.

Kuyaingiza kwenye Excel kulinichukua wiki tatu. Tabu ya mwandiko na ya bidhaa moja yenye majina sita sitaieleza sana. Nilitengeneza orodha ya pembeni, safu moja jina lilivyoandikwa, safu ya pili jina sahihi, basi. Kilichonitesa ni tarehe.

Nilipochora mauzo kwa mwezi, grafu ilinionyesha mauzo ya Desemba, na tulikuwa bado Oktoba! Januari na Februari nazo zilikuwa na mauzo, wakati daftari langu la kwanza linaanza Aprili. Nilidhani nimekosea kuchapa, nikarudia kurasa kumi nzima, na hali ikabaki ileile. Ndipo nikaona kitu kidogo: kwenye safu ya tarehe, nyingine zimeegemea kulia na nyingine kushoto. Excel huegemeza namba kulia na maandishi kushoto, na tarehe halisi kwake ni namba. Kompyuta yangu ilikuwa imepangwa kwa mtindo wa Marekani, mwezi kwanza, siku baadaye. Nikichapa 03/04/2023 nikimaanisha tarehe 3 Aprili, yenyewe inaandika Machi 4. Nikichapa 15/04/2023, inakuta hakuna mwezi wa kumi na tano, inaiacha kama maandishi. Kwa hiyo kila tarehe 1 hadi 12 ilikuwa imegeuzwa kimyakimya, na kuanzia 13 zilikuwa salama lakini hazisomeki kama tarehe.

Rafiki yangu alinishauri nichape upya zote. Nilikataa, maana ukiangalia vizuri hakuna kilichopotea: iliyo namba imegeuzwa, iliyo maandishi iko sawa. Unazitenganisha kwa kigezo hichohicho, ile ya kwanza unaigeuza tena, ya pili unaifanya tarehe. Tarehe zikiwa kwenye safu A, fomula ya safu mpya ni hii:

```
=IF(ISNUMBER(A2),DATE(YEAR(A2),DAY(A2),MONTH(A2)),DATE(RIGHT(A2,4),MID(A2,4,2),LEFT(A2,2)))
```

Inafanya kazi kama ulichapa siku na mwezi kwa tarakimu mbili kila mara, kama nilivyofanya mimi. Nikaburuta mpaka chini, Desemba ikatoweka. Lakini nitajuaje kwamba zote zimekaa sawa? Hapa nilipata wazo ambalo bado linanifurahisha. Mjomba hafungui duka Jumapili hata siku moja, ni mtu wa kanisani. Kwa hiyo mauzo yoyote ya Jumapili ni uongo. Kabla ya kurekebisha, Jumapili zilikuwa na mauzo kibao. Baada ya kurekebisha zilibaki mbili tu, nikafungua daftari, na kweli zile mbili nilikuwa nimechapa vibaya kwa mkono wangu. Ukiwa na data ya duka, ya zahanati au ya bajaji, tafuta siku ambayo unajua kwa hakika hakuna kazi, uangalie kama data yako nayo inajua hivyo.

Halafu likaja swali lenyewe: simenti huisha mara ngapi? Daftari la mauzo haliandiki "leo imeisha", linakaa kimya tu, na ukimya huo unaweza kumaanisha wateja hawakuja. Nikachukua karatasi za mzigo alizoletewa na wasambazaji, nikaanza na hesabu ya mifuko iliyokuwepo, nikajumlisha iliyoingia na kutoa iliyouzwa, siku kwa siku. Kufika katikati ya Juni salio likasoma hasi 38. Stoo haiwezi kuwa na mifuko pungufu ya sifuri, kwa hiyo kuna mzigo uliingia bila mimi kuuona. Mjomba aliapa kwamba karatasi zote amenipa. Siku ya pili akanipigia simu, karatasi aliikuta kwenye mfuko wa koti lake la kanisani. Mifuko 100. Salio likakaa sawa. Ningeona hasi ile nikaifuta tu ili hesabu ipendeze, kazi yote iliyofuata ingekuwa batili.

Julai ndio nilioutumia kama mfano, kwa sababu ni kiangazi na mafundi wako kazini kila siku. Duka lilifunguliwa siku 26, ikauzwa mifuko 312. Ukigawa kawaida unapata mifuko 12 kwa siku, na kwa makadirio kama hayo mjomba alikuwa anaagiza. Lakini salio langu lilionyesha siku 6 stoo ilikuwa tupu, mara mbili, siku tatu tatu, ambao ndio muda mzigo unaochukua kufika tangu aagize. Kwa hiyo 312 iliuzwa ndani ya siku 20, sawa na mifuko 15.6 kwa siku.

Nilifurahi, nikataka kuishia hapo. Usiku nikajiuliza: wale waliokosa, wote waliondoka au wengine walisubiri? Nikaangalia siku ya kwanza baada ya kila mzigo kuingia. Iliuzwa mifuko 24 mara ya kwanza na 26 mara ya pili. Hizo siku mbili si za kawaida, wamo waliosubiri. Nikaziweka pembeni: mifuko 262 kwa siku 18, kama 14.5 kwa siku. Hiyo niliiamini zaidi. Siku sita tupu zilikuwa na wateja wa mifuko kama 87. Waliorudi, ukitoa mauzo ya kawaida ya zile siku mbili, ni kama 21. Takribani mifuko 66 ilikwenda ng'ambo ya barabara kwa mwezi mmoja. Faida ya mfuko ni ndogo, lakini mteja wa simenti huondoka pia na nondo, misumari na bomba zake.

Mapendekezo yalikuwa mstari mmoja. Mjomba alikuwa anaagiza simenti ikishaisha. Nilitafuta siku tatu mfululizo zilizouza zaidi kuliko zote wakati mzigo upo, ikawa mifuko 61. Nikamwambia, "Mjomba, ikifika 60, piga simu." Alinitazama kwa muda, akachukua chaki akaandika 60 kwenye ukuta wa stoo.

Kazi nzima niliibana kwenye ukurasa mmoja wa PDF. Juu swali, kisha grafu moja ya salio la Julai ikionyesha ilipogusa sifuri, kisha jibu, na chini kabisa kifungu cha nisichoweza kusema: siku ambazo simenti iliisha saa tano asubuhi nimezihesabu kama siku zenye mzigo, kwa hiyo hasara halisi inaweza kuwa kubwa zaidi. Fomula na maelezo nikaweka GitHub kwa atakayetaka. Majina ya wadaiwa yote niligeuza kuwa namba kabla ya kupakia, na bei sikuweka kabisa. Ruhusa ya mjomba inatosha kwa duka lake, haitoshi kwa wateja wake, na tangu 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi. Ile miradi saba niliificha yote. Watu waliniambia nitaonekana sina uzoefu.

Nilichapisha nakala kumi kwenye duka la steshenari, nikitumia elfu chache tu, nikazungukia kampuni zenye maghala. Sikupeleka kwa ofisi za ajira peke yake, niliomba kuonana na wasimamizi wa stoo. Kampuni moja ya usambazaji upande wa Kizota, msimamizi aliisoma akiwa amesimama. Wiki iliyofuata nikaitwa. Jopo halikuniuliza chochote kuhusu vyeti. Swali la kwanza lilikuwa, "Kwa nini umegawa kwa 18 na si kwa 26?" Nilijibu kwa dakika kumi bila kutazama karatasi. La pili: wale waliosubiri umewajuaje? Nikawaeleza zile siku mbili. La tatu lilinikamata kidogo, ikiwa wateja walikimbilia ng'ambo, je, ng'ambo nao walipoishiwa hawakuja kwako? Nikasema inawezekana, na daftari la jirani sina. Msimamizi akaandika kitu.

Nilianza kazi Februari. Siku ya kwanza nilipewa faili la mauzo la mwaka mzima, nikaenda moja kwa moja kwenye safu ya tarehe. Nyingine zilikuwa zimeegemea kushoto.