Drogba, ragbi na midomo ya Mama Naijeria

Mwaka 2006, Kombe la Dunia likikaribia kuanza kule Ujerumani, mjomba wangu alinipigia simu. Alikuwa mtangazaji wa mpira kwenye redio moja ya hapa Dar, na mimi nilikuwa nasoma isimu Mlimani. Baada ya shikamoo na marahaba akaingia moja kwa moja kwenye shida yake: "Mpwa wangu, si unasomea mambo ya lugha wewe? Huyu Drogba anatamkwaje?"

Lilikuwa swali la haki. Kwetu Sinza watu wengi walisema "Drogiba", na wachache waliojitahidi walisema "Drog-ba", kama wanavyosema "ragbi". Mjomba mwenyewe alikuwa amesikiliza mahojiano ya Waivori kwenye kanda, na aliapa kwamba wao wanasema "Droba", g haipo kabisa.

Nilijua kinadharia kwamba gb ya jina lile ni sauti moja. Ulimi nyuma unaziba kwenye kaakaa laini kama unavyofanya kwa g, na midomo nayo imefungwa kama kwa b, vyote kwa wakati mmoja. Sikuwa nimewahi kumwona mtu akiitamka mbele yangu, na kumpa mtangazaji maelezo ya daftarini ni kumtafutia aibu hewani. Nikamkumbuka Mama Naijeria, Myoruba aliyekuwa akiuza lesi na vitenge Kariakoo, ambaye Kiswahili chake cha bei kilikuwa kizuri kuliko changu.

Nilimkuta akipima kitambaa. Nilipomweleza akacheka, akasema Drogba ni Mbete wa Ivory Coast, lugha yake si ya kwao, lakini sauti hiyo kwao wanayo tele. Akaanza kunitajia: *igbá*, kibuyu, *àgbà*, mzee, *igbó*, msitu. Nilikuwa na kinasa sauti cha kuazima. Nikamwomba ayarudie polepole, kisha nikamwomba aseme neno letu "ragbi". Alilisema bila taabu, ila kwa gb ya kwao, "ra-gbi". Ikabidi nilirekodi na mimi mwenyewe kwa matamshi ya Dar, ili nipate cha kulinganisha.

Usiku ule nikaziweka sauti zote mbili kwenye Praat, programu ya kompyuta inayoonyesha sauti kama wimbi. Kwenye "ragbi" yangu mambo yalikuwa wazi. Baada ya a wimbi linasinyaa, ulimi umeziba. Halafu katikati ya ukimya ule kinachomoza kijimwiba chembamba, g ikiachiwa, ndipo midomo inaziba kwa ajili ya b, na mwishoni unakuja mpasuko wa pili. Mipasuko miwili, na mzibo mrefu. Kwenye *igbá* ya Mama hapakuwa na mwiba wowote katikati. Palikuwa na mzibo mmoja na mpasuko mmoja, na muda wake haukupita sana ule wa b ya kawaida. Hicho ndicho kipimo cha kwanza: mfuatano wa sauti mbili hula muda wa sauti mbili, na mara nyingi unaacha alama pale ya kwanza inapoachia.

Kilichonifurahisha zaidi kilitokana na kukata. Nilichagua irabu ya kwanza na mwanzo tu wa mzibo, nikabonyeza kusikiliza: nikasikia kitu kama "ig". Nikachagua mwisho wa mzibo na irabu ya pili: "ba", safi kabisa, kama ya mtoto wa Ilala. Ni kwa sababu ule "wakati mmoja" si sawasawa kabisa. Ulimi hutangulia kidogo kuziba, na midomo huchelewa kidogo kufunguka, kwa hiyo sauti inaingia ikiwa na sura ya g na kutoka ikiwa na sura ya b. Sikio la mtu asiye na sauti hiyo hushika zaidi pale inapomalizikia, yaani ile b. Mjomba na "Droba" yake hakuwa kiziwi.

Lakini muda na miiba havitoshi kuthibitisha kwamba wenye lugha wanaihesabu kuwa moja. Nikarudi Kariakoo kesho yake na swali lingine. Kiyoruba hutengeneza jina kutoka kwenye kitenzi kwa kurudia konsonanti ya kwanza na kuweka í: *lọ*, kwenda, huwa *lílọ*. Nikamuuliza *gbà*, kupokea. Akajibu papo hapo, *gbígbà*. Kanuni inayobeba konsonanti moja tu imeibeba gb nzima, wala haikuacha b nyuma.

Halafu akasema sentensi ambayo sikuiomba, akimsema kijana wake wa dukani aliyejifanya hasikii: *ó ń gbọ́*, anasikia huyo. Nikamwomba airudie nikiangalia mdomo wake. Ile *ń* ni king'ong'o kinachofuata mahali pa konsonanti iliyo mbele yake. Sasa jaribu mwenyewe kusema "ngoma" mbele ya kioo: kwenye ng midomo iko wazi. Kama gb ingekuwa g kisha b, king'ong'o kingeiangalia g peke yake na midomo ya Mama ingebaki wazi. Ilikuwa imeshafungwa tangu kwenye *ń*, huku ulimi nao umeziba nyuma. King'ong'o chenyewe kimekuwa cha mahali pawili. Hapo sikuhitaji kompyuta.

Mjomba nilimwandikia DRO-GBA, kistari kikiwa kabla ya g, na chini yake: "Anza g, lakini usiiachie, funga midomo, kisha achia vyote pamoja." Akalalamika kwamba kistari kimekaa pabaya. Tarehe 10 Juni, Ivory Coast ilipocheza na Argentina kule Hamburg, alilisema vizuri wakati wa kutaja vikosi. Drogba alipofunga, lakini, lilitoka "Drogibaaa" la Sinza, na sikushangaa, maana mtu anayepiga kelele anahitaji irabu ya kushikilia. Argentina ilishinda 2–1.

Mimi nikageuza yale niliyorekodi kuwa kazi ya darasa. Kwenye alfabeti ya kifonetiki ya kimataifa gb na mwenzake kp, yaani k na p za wakati mmoja, huandikwa kwa herufi mbili zilizofungwa kwa tao juu, [g͡b] na [k͡p]. Ukiliacha tao, msomaji ana haki ya kusoma mfuatano. Kwenye kompyuta unaandika g, kisha alama ya tao ambayo namba yake ni U+0361, kisha b. Ukiliweka tao mwishoni linafunga b na herufi isiyohusika. Fonti ya maktaba yetu ililitupa pembeni hata nilipofuata utaratibu, nikaishia kuchora matao yote kwa kalamu.

Nilimpelekea Mama Naijeria karatasi zile aone maneno yake. Akapita vizuri kwenye kila gb, akafika kwenye *apá*, mkono, ambalo nilikuwa nimeliandika [ak͡pá]. Akauliza hiyo k nimeitoa wapi, maana kwao neno hilo linaandikwa kwa p tupu. Nikamwambia asikilize anavyolitamka. Akalisema, akanyamaza, akalisema tena huku ameshika koo. "Ipo," akakubali. "Lakini b tunayo, ndiyo maana gb tunaiandika kwa herufi mbili, zisigongane. Hiyo p yenu nyepesi kwetu haipo. Sasa k ya nini?"

Akachukua kalamu yangu, akaikata k.