Ncha za herufi

Juzi mwanangu kaleta fomu ya shule, kaniuliza: "Mama, mbona hili neno limekatwa shingo?" Nikacheka, kisha kicheko kikakauka.

Nilikumbuka nilivyokuwa enzi zile za kutafsiri kwa fujo. Kazi ilikuwa fomu ya dawa za watoto, jedwali la ukurasa mmoja kutoka Kiingereza. Niliimaliza kwa jioni moja, nikaituma, nikalala.

Asubuhi nikaenda kituo cha afya kuchukua nakala iliyochapwa. Muuguzi mkuu, mama wa makamo, akaisogeza karibu na dirisha. "Mwanangu, hebu nisomee hapa." Nikasoma: "Mpe mtoto dawa hii". Akasubiri. Mimi nami nikasubiri. "Basi?" akauliza. Nikainama. Chini ya maneno yale, juu kabisa ya mstari wa jedwali, palikuwa na vidoa vitatu kama sisimizi: ncha za t, d na h. Vilikuwa vichwa vya sentensi iliyobaki, "endapo tu ana homa".

Kiingereza cha sentensi hiyo kilikuwa na herufi 18 ukihesabu na nafasi. Kiswahili changu kilikuwa na 37. Safu ilikuwa ya sentimita 4, ikachukua 18, nyingine zikashuka mstari wa pili ambao haukuwa na pa kukaa. Aliyetengeneza fomu alikuwa ameifunga kila safu mlalo kwenye sentimita 0.6, kwa "Exactly" ya Word, kimo kisichoongezeka hata maneno yakizidi. Maneno yalikuwamo kwenye faili, ila yamefunikwa.

Nilirudi mbio. Kwanza nikapunguza herufi hadi saizi 7. Yule mama hakusema kitu, alinivulia tu miwani yake akanipa. Nikaingia "Table Properties", kwenye "Row", nikabadili "Exactly" iwe "At least", ili kimo kikue pamoja na maneno. Maneno yakatokea, lakini jedwali likamwagika ukurasa wa pili, na sahihi ikabaki huko peke yake. Mwisho nikafanya nililopaswa kuanza nalo: kichwa cha safu nikakiandika "Mpe dawa lini?", na ndani ikabaki "Akiwa na homa tu". Herufi 16.

Kulikuwa na safu moja nyembamba, ya jina la muuguzi. Nilikuwa nimeandika "Aliyemhudumia". Neno hilo halina nafasi katikati, kwa hiyo programu ikalikata ilipotaka: "Aliyemhud" juu, "umia" chini. Kwenye fomu ya wagonjwa! Nikaweka "Mhudumu".

Vichwa vingine havikufupika, nikaviibia sentimita moja na nusu kutoka safu ya jina la mtoto. Ilikuwa tupu, nikaona ina nafasi ya bure.

Miezi kadhaa baadaye nilipita pale nikaona fomu zilizojazwa. Jina la mtoto, jina la baba, na la babu limepanda pembeni mwa karatasi, limeandikwa wima.